Cheti kiko ukutani, lakini ni cha nani?

"Kuna shule ya praiveti hapa Kayole nataka kupeleka mtoto Gredi 7, nitajuaje imesajiliwa kabla nilipe fii?"

Mamaa, usilipe kwanza. Omba cheti cha usajili cha Wizara ya Elimu, kipige picha, usome kiwango kilichoandikwa juu maana kuna shule zimesajiliwa praimari pekee halafu Gredi 7 ikaongezwa tu. Hiyo picha peleka ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, uwaulize kama hilo jina na mahali viko kwa rekodi zao. Ya mtoto wa dadangu cheti kilikuwa ukutani, safi na fremu, kumbe ni cha tawi lingine, mtoto akasajiliwa mtihani shule jirani, matokeo yakakuja na jina la shule hatujawahi kanyaga.

"Si wakiwa na namba ya KNEC inatosha?"

Inasaidia, lakini hakikisha ni yao. Itisha karatasi ya matokeo ya mwaka jana, angalia jina la shule.

"Yetu Mukuru wanasema wako APBET, ule mpango wa shule mbadala za mitaa ya mabanda, hiyo ni sawa?"

Hata hao huwa wanasajiliwa, itisha cheti tu vilevile.