Mpwa wangu hataki kugraindi, wala hataki mamenyu: gemu gani nimpe?

Mpwa wangu anauza kwenye duka la dawa Mwanza. Anafunga saa mbili usiku, anafika nyumbani, anakula, halafu anabaki na kama dakika arobaini za kukaa na laptopu yake ya mtumba kabla usingizi haujambeba. Mwezi wa tatu alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nitafutie gemu ya RPG yenye hadithi nzuri. Ila sitaki kupiga wadudu walewale mara mia, na sitaki yale mamenyu."

Mimi nimecheza gemu za namna hii, za kumwongoza mhusika na kumkuza hadithi ikiendelea, tangu utotoni, kwa hiyo nikajibu palepale bila hata kufikiri. Nikampa Chained Echoes ya 2022. Nilijiona fundi. Gemu hiyo haina XP kabisa, zile pointi unazopata ukishinda adui: huwezi kuzunguka porini ukiua vijidudu ili upande leveli, kwa sababu leveli zenyewe hazipo. Wahusika wako wanapata nguvu mpya hasa baada ya kumshinda bosi, yaani adui mkubwa. Nikaona tatizo la kugraindi, huko kurudia mapambano ili upande leveli, limekwisha, na la menyu litajipa.

Siku nne baadaye simu ikaita. "Mjomba, jana nimekaa dakika ishirini nachagua mawe." Alikuwa anasema fuwele, zile unazozichomeka kwenye silaha na mavazi, unaziunganisha ziwe kubwa zaidi, halafu kuna ujuzi wa kuchagua kwa kila mhusika, na silaha za kuboresha. Gemu yenyewe ni nzuri na bado naipenda. Kosa lilikuwa langu. Nilichukua malalamiko mawili nikayafanya moja, wakati mara nyingi dawa ya moja ndiyo inayolikuza la pili. Mtengenezaji akiondoa leveli, lazima akupe njia nyingine ya kumkuza mhusika, na njia hiyo kwa kawaida inaishia kwenye menyu.

Safari hii nikatulia. Badala ya kumuuliza anapenda nini, nikamuuliza gemu ya mwisho aliyoiacha njiani aliiachia wapi hasa, na usiku ule mikono yake ilikuwa inafanya nini. Ukitaka kumsaidia mtu kuchagua, anza na swali hili. Watu wengi hawajui wanapenda nini, lakini usiku waliozima mashine kwa hasira wanaukumbuka vizuri.

Akanieleza. Ilikuwa gemu moja ya Kijapani ya masaa mengi. Bosi alimuua mara mbili. Akasoma mwongozo, akaambiwa arudi nyuma apande leveli sita kwanza. Akawa anatembea kwenye korido moja kwenda na kurudi, kila hatua kumi skrini inamezwa na pambano, anabonyeza shambulia, shambulia, shambulia. Na menyu? Kila akifika mji mpya anakuta duka lina mapanga mapya, na ana watu sita wa kuwavisha. Panga hili linaongeza 4 hapa linapunguza 2 pale. Akimaliza kuwavisha wote, dakika arobaini zake zimekwisha na hadithi haijasogea hata hatua moja.

Hapo nikapata vitu viwili ambavyo ujumbe wake wa kwanza haukuvisema. Mapigano hayamchoshi. Kinachomchosha ni kurudishwa nyuma kwa lazima. Na menyu ya kuchagua pigo gani upige sasa hivi haimsumbui hata kidogo; inayomkera ni ile ya kulinganisha namba za vifaa vya watu wengi. Angekuwa mtu mwingine majibu yangekuwa tofauti. Rafiki yangu mmoja anasema hapendi kugraindi, kumbe ana maana ya kazi ndogondogo za "niletee manyoya matano", na leveli hana shida nazo.

Nikaanza kuchuja. La kwanza nililolitazama ni XP inatoka wapi, na inapungua lini. Kuna gemu ambazo kila adui anakupa pointi zilezile milele, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kuweka bosi mgumu akijua utarudi kupika leveli. Kuna nyingine ambazo adui anakupa pointi chache kadiri unavyopanda, mpaka wadudu wa njiani wanakuwa hawana faida. Hizo za pili karibu haiwezekani uziendeshe kwa kugraindi, na kwa sababu hiyo mtengenezaji hathubutu kukudai hilo. Paper Mario: The Thousand-Year Door ya 2004 iko hivyo. Unakusanya pointi 100, unapanda leveli moja, na kila unavyopanda maadui walewale wanakupa pungufu. Ila inataka mashine ya Nintendo, na mpwa wangu hana.

Tahadhari moja hapa. Siku hizi gemu nyingi za zamani zinarudishwa zikiwa na swichi ya kuzima mapambano ya kushtukiza. Final Fantasy za mwanzo, kwenye toleo lao la konsoli la 2023, zina swichi hiyo. Mtu asiyependa kugraindi anaiwasha kwa furaha, anapita mapango yote bila kuguswa, halafu anamfikia bosi akiwa mwembamba kama mshumaa. Anapigwa, anarudi nyuma kugraindi, yaani palepale alipopakimbia. Matoleo hayohayo yana swichi nyingine ya kuzidisha XP hadi mara nne, na hiyo ndiyo inayomsaidia: acha mapambano yaje, zidisha malipo. Hata hivyo sikumpa hizo, kwa sababu ya kuvisha watu.

Kwa upande wa menyu nina hesabu yangu ya kihuni. Nazidisha idadi ya wahusika unaowaendesha kwa nafasi za vifaa za kila mmoja. Ile gemu aliyoiacha ilikuwa na watu sita, na kila mtu nafasi tano. Hiyo ni thelathini, kila mji. Chrono Trigger ya 1995 ina nafasi nne kwa mtu, na pambanoni wanaingia watatu, kwa hiyo ni kumi na mbili. Undertale ya 2015 ina mhusika mmoja, silaha moja, vazi moja, na begi la vitu vinane tu. Hesabu hii haisemi kila kitu, lakini inakuzuia kufanya kosa nililolifanya mimi.

Mizani hiyo ikanipa majina matatu, na jina moja ambalo ilibidi niliondoe huku roho ikiniuma. Nalo ni Disco Elysium ya 2019. Haina kugraindi, haina mapigano ya kawaida, ni mazungumzo na kurusha dadu. Lakini ina ujuzi 24 wa kugawia pointi, na mchezaji anajikuta anabadilisha koti na viatu kabla ya kila jaribio ili apate nyongeza ya 1. Isitoshe, ni Kiingereza kizito, kurasa kwa kurasa. Mtu aliyesoma maandishi ya vidonge tangu asubuhi humpi hiyo saa tatu usiku.

Undertale nayo nikaisogeza chini kidogo, na sababu yake watu wengi huisahau. Gemu zinazopunguza menyu mara nyingi hukudai vidole. Kwenye Undertale zamu ya adui ikifika, wewe ni moyo mdogo ndani ya sanduku, unakwepa risasi. Unaweza kuimaliza bila kuua hata mmoja, ukabaki leveli 1 mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kugraindi hakuna, isipokuwa uamue mwenyewe kufuata ile njia ya kuua kila kiumbe. Hiyo ni kugraindi kwa makusudi, na gemu inakusuta kwa hilo. Lakini kama vidole ni vizito, kule kukwepa kutakurudisha kwenye pambano lilelile mara nane. Kwa hiyo ulizia na vidole pia.

Chrono Trigger ilibaki ya pili. Maadui wengi unawaona kabla hujawafikia, pambano linaanza palepale uliposimama, na kwenye ramani kubwa ya dunia hakuna anayekurukia. Leveli zinakuja zenyewe ukifuata hadithi. Nilimwambia jambo moja tu: kwenye mipangilio chagua Wait, ili adui asubiri unapokuwa ndani ya orodha ya vitu au mapigo. Anayeanza na Active anadhani gemu inamkimbiza.

Ya kwanza ikawa Bug Fables: The Everlasting Sapling ya 2019. Wadudu watatu, Vi, Kabbu na Leif. Inafuata nyayo za Paper Mario, ila hii inaingia kwenye laptopu dhaifu. Ukijaza EXP unapanda, na maadui wa nyuma wanazidi kukupa kidogo. Ukipanda unaulizwa swali moja: uongeze uhai, pointi za kutumia mapigo maalumu, au nafasi za medali, zile beji za kukupa uwezo wa ziada? Basi. Hakuna mapanga, hakuna kofia, ni medali tu. Namba zenyewe ni ndogo: unapiga 2, adui ana 7, kwa hiyo hesabu unaifanya kichwani. Anayekaa mbele anapiga zaidi kwa 1 lakini ndiye anayelengwa zaidi, kwa hiyo kuamua nani awe mbele ni uamuzi wenye uzito, na unaufanya kwa kitufe kimoja. Vidole vinahitajika kidogo, kubonyeza kwa wakati ili pigo likolee. Nikamwonya kuhusu ubao wa maombi ya wanakijiji, kwamba mengi ni ya kutumwatumwa na anaweza kuyapita bila kupoteza hadithi.

Kabla hajalipa nilimfundisha jinsi ninavyokagua. Tafuta video ya mtu anayecheza bila kuongea, ruka mpaka katikati, usiangalie mwanzo. Mwanzo unadanganya, menyu nyingi hufunguka baadaye. Tazama dakika kumi na uhesabu ngapi zimeishia kwenye orodha, ngapi kwenye kutembea, ngapi kwenye kuongea. Kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, unaweza kurudishiwa pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya masaa 2, lakini kwa RPG masaa mawili wakati mwingine hata kijiji cha kwanza hujatoka. Ile video ya katikati inasema ukweli zaidi.

Wiki mbili zilipita kimya. Halafu Jumapili moja usiku ikaja picha ya skrini: orodha ndefu ya medali, nyingine zimewashwa, nyingine zimezimwa. Chini yake kaandika: "Mjomba usinicheke. Nimekaa nusu saa nazipanga hizi. Nikimvika Kabbu zote za kinga na kumuweka mbele, yule bosi wa jangwani hanigusi."

Nikamuuliza, si ulisema hutaki mamenyu?

"Hii siyo menyu," akajibu. "Huu ni mtego."