Jibu limo kwenye kifungu au kichwani?

"Wanafunzi wangu wakipewa maswali ya ufahamu, wengine wananakili sentensi yoyote, wengine wanabuni tu. Nifanyeje?"

Mwalimu, anza na kifungu kifupi mno: "Juma aliingia akichuruzika maji. Aliuegemeza mwavuli uliovunjika ukutani."

Kisha uliza maswali ya aina tatu. La kwanza, jibu limo kwenye kifungu: Juma aliegemeza nini? Waweke kidole kwenye neno lenyewe. La pili, jibu linapatikana kwa kuunganisha dalili za kifungu na akili ya msomaji: hali ya hewa nje ilikuwaje? Neno "mvua" halimo, ila dalili zipo. Wazipigie mstari kabla ya kujibu. La tatu, jibu limo kichwani: wewe mvua ikikukuta njiani hufanya nini? Hili hata ambaye hajasoma kifungu angelijibu, na hicho ndicho kipimo chake.

Watakapokwama ni swali la pili, maana nalo linadai akili yao, si macho tu. Ukiuliza Juma alijisikiaje, na mtoto akisema "Juma alikuwa na huzuni", usikimbilie kumkosoa. Muulize, "Neno gani limekuonyesha hivyo?" Akitaja mwavuli uliovunjika, ana hoja, ingawa ni dhaifu: mwavuli kuvunjika hakutoshi kutuambia moyo wake. Akikosa cha kupigia mstari, amebuni.

Kwa siku za mwanzo wataje aina ya swali tu, bila kulijibu. Wakishindana kuhusu aina, waache wabishane, mradi kila mmoja anaonyesha mstari wake.