Jina la asali ya kikundi: acheni "safi" na "tiba"

"Wakuu, sisi ni kikundi cha wafugaji nyuki Sikonge, Tabora. Tunataka kupeleka asali Dar kwenye chupa zenye nembo. Tunabishana kati ya 'Asali Safi Orijino', 'Dhahabu ya Tabora' na 'Tiba Asilia'. Lipi litaaminika?"

Mkuu, kwa hayo matatu nisingechukua hata moja. Nimewahi kusaidia kikundi cha Manyoni kwenye jambo hilihilo, na dukani nilijionea kwamba neno "safi" ndilo linalomfanya mteja aanze kuuliza. Mnunuzi wa Dar ameshauziwa sukari guru kwenye chupa ya Konyagi iliyoandikwa "asali safi". "Tiba" ni mbaya zaidi, maana ukidai inaponya unajiingiza kwenye masuala ya usajili wa dawa.

"Dhahabu" ina mtego wake. Rangi ya asali ya miombo hubadilika kulingana na msimu na maua, na ikikaa kwenye ubaridi inaweza kuganda. Mteja aliyezoea chupa ya njano inayong'aa akipokea nyeusi, au iliyoganda, atasema mmechakachua, kumbe jina lenu ndilo lililomwahidi rangi. Na "Tabora" ndani ya jina itawabana siku oda itakapozidi mavuno mkalazimika kununua asali Katavi. Isitoshe, jina la mahali likisimama peke yake ni gumu kusajiliwa BRELA kama alama ya biashara, kwa sababu kila mfugaji wa huko ana haki ya kulitumia.

Mimi ningetafuta neno linalotokana na kazi yenu yenyewe. Kama mnalala porini wakati wa kurina, "Kambini" linatosha. Ni fupi, halidai chochote, na mteja akiuliza maana yake mna la kumsimulia. Asili ya asali iandikwe chini yake kwa herufi ndogo: "Asali ya misitu ya miombo, Sikonge, Tabora. Imerinwa Juni, kambi ya pili." Kila mavuno yapewe namba, na daftari lenu lionyeshe namba hiyo ni ya mizinga ya nani. Mkija kununua asali ya Katavi, lebo ya chupa hizo ndiyo itabadilika, jina litabaki.

Msiandike ua la mti mmoja. Nyuki huruka kilomita tatu na zaidi, kwa hiyo hamwezi kujua wametua wapi. Badala ya "asilimia mia", andikeni kipimo cha unyevu cha mavuno hayo (kiwango cha kimataifa ni usizidi asilimia 20, kipimo cha mkononi kinatosha) na mstari mmoja: "Ikiganda haijaharibika, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu." Kwa wenzetu wa Manyoni, mstari huo ulipunguza simu za malalamiko kuliko kitu kingine chochote.

Kabla ya kuchapisha lebo, tafuteni jina hilo kwenye mfumo wa BRELA, daraja la 30, ambako asali ipo pamoja na sukari na chai. Angalieni na majina yanayofanana kwa matamshi.