Kasa wa Shela na ufukwe wa kuzaliwa

"Kwa nini kasa hurudi kutaga ufukwe ule ule alikoanguliwa? Anaukumbukaje?"

Anayesema ni harufu amepata nusu. Harufu huenda inasaidia akishafika karibu, lakini haimtoi kasa bahari kuu. Kinachomvuta kutoka mbali ni usumaku wa dunia. Ukitoka Lamu kushuka Malindi, nguvu na mwinamo wa usumaku hubadilika kidogo kidogo, na inaelekea kasa mchanga hushika alama ya pale alipoanguliwa. Akikomaa, miaka 20 au zaidi baadaye, anaifuata.

Ushahidi ninaouamini zaidi umetoka Florida. Mistari ya usumaku, yaani inayopita mahali penye usumaku sawa, husogea kila mwaka. Watafiti walipopitia hesabu za viota za miaka 19, waliona kwamba mistari ikikaribiana viota husongamana, ikiachana, viota hutawanyika.

Sababu ya kurudi pale pale ni nyepesi: kama yeye alianguliwa hapo akapona, mchanga na joto vinafaa. Hana njia nyingine ya kujua.

Mama wa Kipungani aliyeuliza kwa nini kasa "wake" mwaka huu ametaga mbali kidogo, asihofu. Alama hii humfikisha eneo, si shimo lile lile. Tena huyo huyo hutaga mara kadhaa kwa msimu, na akikuta taa au watu hugeuka bila kutaga. Utajua kwa nyayo: zinapanda, zinazunguka, zinarudi majini, na mchanga haukufukuliwa.