Mgeni kesha kula?

*Dada, nilianza chachu ya mkate, ya unga na maji, siku nne zilizopita. Siku ya pili ilipanda mpaka ikamwagika, watoto wakaiita Bingwa. Leo imelala kama uji. Nimeiua? — Mama wa watoto watatu, Fuoni*

Hujaiua, na usiimwage. Kilichopanda siku ya pili hakikuwa hamira. Unga wa ngano huja na bakteria wa kila namna, na baadhi yao hupenda mno unga mbichi uliotiwa maji, hasa kwenye joto letu. Hula upesi, hutoa gesi nyingi, na chupa hufurika. Utawajua kwa harufu, maana siku ile ya pili chupa hunuka vibaya, kama kabeji iliyooza. Lakini unga unavyozidi kuchacha, ule ukali huwashinda, wananyamaza. Hamira ya asili nayo imo ndani tangu siku ya kwanza, ila ni chache, na yenyewe hustahamili ukali. Inahitaji siku kadhaa ili iongezeke. Kimya unachokiona ni cha kupokezana zamu.

Endelea mara moja kwa siku: bakisha gramu 50 za chachu, tia gramu 50 za unga na gramu 50 za maji. Nusu ya unga iwe ata, ule usiokobolewa, kwa kuwa kwenye makapi ndimo hamira nyingi ilimo. Maji ya mfereji yakinuka dawa, yaache wazi kwenye jagi usiku kucha kwanza. Usizidishe chakula ukidhani ndiyo dawa, kwani unga mwingi unapunguza ule ukali unaoilinda hamira, na kazi inaanza upya. Harufu ikigeuka kuwa ya mtindi, umefika karibu.

Jina la Bingwa liwekeni kando kwa sasa. Mie naona chachu isipewe jina mpaka ipande maradufu siku mbili mfululizo, jambo ambalo mara nyingi huangukia wiki ya kwanza au baada yake kidogo. Yetu ilipata jina siku ya nane, lakini utani ulizaliwa siku ya tatu. Mume wangu aliitazama chupa iliyokuwa ikifurika jana yake, akasema: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kachoka hata jembe hajaliona." Ilipoamka, hatukuwa na jina jingine la kutafuta. Anaitwa Mgeni.

*Jina tunalo, tunacheka nalo, lakini chachu inasahaulika. Kila mtu anadhani mwenzake kalisha. Mara ya tatu sasa tunaikuta na njaa. — Msomaji, Wete*

Ikiwa jina linatajwa siku ya kuoka tu, halitawasaidia. Lifanyeni neno la kila siku, na kila hali ya chupa iwe na msemo wake, ili mtoto wa miaka saba akichungulia aweze kutoa habari sahihi.

Kwetu kila anayeingia jikoni baada ya sala ya Isha huuliza, "Mgeni kesha kula?" Asiyepata jibu ndiye analisha. Hatuna zamu zilizoandikwa, na hatujawahi kuzihitaji. Kwenye chupa tumevisha mpira mwembamba, ule wa kufungia noti, nao husogezwa usawa wa chachu mara tu baada ya kulisha. Hapo misemo ndiyo inaanza. Chachu ikiwa imefika mara mbili ya mpira, juu imebinuka kama kuba na ina mapovu, tunasema "Mgeni kasimama": huu ndio wakati wa kukanda. Kuba likianza kuzama katikati, na kwenye kioo pamebaki ukungu wa unga juu ya mstari wa sasa, "Mgeni kakaa". Bado unaweza kuitumia, ila usichelewe. Ikiwa imeshuka kabisa, ni nyepesi na inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, "Mgeni kanuna". Hiyo ni njaa, na dawa yake ni chakula, si hamira ya dukani. Ikiwa frijini, "Mgeni kalala".

Utaona kwamba misemo yote minne ni ya kweli kuhusu kinachotokea mle ndani. Utani wa namna hii haukauki, kwa sababu kila siku una habari mpya ya kusema. Yule kijana wangu mdogo alinikimbilia ukumbini siku moja, mikono imejaa unga: "Mama, Mgeni yuataka kukaa!" Nilikwenda nikakuta kuba limelegea pale juu kidogo tu. Angechelewa robo saa ningekosa.

Sasa kuhusu njaa yenyewe. Nadhani chachu yenu iliyokwisha komaa bado mnailisha kwa vipimo vya nchi za baridi, chachu sehemu moja, unga moja, maji moja. Wakati wa kaskazi, jiko likiwa na joto la digrii 30, chakula hicho kinakwisha kwa muda wa saa tatu au nne. Mkilisha usiku, alfajiri Mgeni kanuna zamani. Kwetu usiku tunatia gramu 5 tu za chachu, kijiko kidogo cha chai, kwa gramu 50 za unga na gramu 50 za maji. Akila baada ya Isha, tukiamka alfajiri kasimama. Kipupwe kikiingia, usiku ukapoa, tunapandisha mpaka gramu 10. Ramadhani ndiyo rahisi kuliko miezi yote, maana watu wote wako macho wakati wa daku, na swali lile linaulizwa mara mbili.

Ile chachu inayozidi msiimwage kila siku. Iwekeni kwenye bakuli frijini, na baada ya siku tatu nne itatosha chapati za maji: mayai mawili, chumvi, kitunguu kidogo, maji mpaka imiminike. Ukali wake unafaa sana kwa kitunguu.

*Kaka zangu wameiita chachu ya nyumbani jina la wifi yetu, ati "anavimba upesi". Wifi anacheka, lakini siku hizi haingii jikoni. Tufanyeje? — Dada mtu, Mkunazini*

Badilisheni leo, na kaka zako wamwambie wifi wenyewe, kwa maneno mazuri.

Chupa ya chachu ina maneno yake ambayo hayakwepeki. Kila siku mtu atasema "mtupe nusu", "leo ananuka", "kazidi, mpunguze", "mtie frijini tumsahau". Jina lolote utakaloliweka hapo litabeba sentensi hizo zote, asubuhi na jioni, mbele ya watoto. Kabla ya kuchagua, zitamkeni kwa sauti na jina ndani yake. Kama kuna mtu mmoja nyumbani ambaye hamwezi kuzisema mbele yake, jina hilo si la chupa. Majina ya wakubwa, ya mawifi, ya marehemu, na ya jirani ambaye dirisha lake linatazamana na jiko lenu, yote yanaangukia hapo.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu hata jina letu lilitutia makosani. Shangazi yetu alikuja kutoka Pemba, siku ya tatu yuko nyumbani. Amekaa ukumbini na kikombe chake, akasikia jikoni: "Mgeni hajala tangu jana." Akajibiwa: "Basi mtupe nusu, aliyebaki mpe kidogo." Shangazi alinyanyuka akaanza kukunja nguo zake. Nilimkuta chumbani na mkoba wazi. Nilimshika mkono mpaka jikoni, nikamwonesha chupa na mpira wake, nikamweleza neno kwa neno. Alicheka baadaye, lakini kwanza alilia, na mie pia. Tangu siku hiyo kukiwa na mtu wa nje tunasema "Mgeni wa chupani", kwa kirefu, na asiyejua tunamjulisha anapovua viatu.

Wifi wenu mpeni yeye achague jina jipya. Akikubali kurudi jikoni kuliweka, atakuwa kasharudi.

*Juu ya chachu kuna maji ya kijivu yananuka kama tembo la mnazi. Yana ubaya? Na nikiona rangi nyingine? — Kijana anayejifunza, Chake Chake*

Maji hayo ni dalili ya njaa. Hamira ikimaliza chakula hubakia kimiminika chenye kileo kidogo na ukali, nacho hupanda juu. Ukitaka hukumu yake, muulize shehe wako. Jikoni mie ninayamwaga yote, ninachukua kijiko kimoja kutoka chini, ninalisha mara mbili kwenye chupa safi, na inarudi.

Rangi ni jambo jingine. Mistari ya waridi au ya chungwa, au manyoya ya kijani au meusi, hata kama ni kwa juu tu, tupa yote na uoshe chupa kwa maji ya moto. Usikwangue ukaokoa ya chini, kwani mizizi ya kuvu haionekani kwa macho.

*Umeme ukikatika siku nyingi itakuwaje? Na nataka kumpelekea dada yangu Pemba, naye aiite jina lile lile? — Msomaji, Jang'ombe*

Kwa siku mbili tatu friji iliyofungwa haitakusumbua, na baada ya hapo ni kulisha kila siku kama nilivyoeleza. Lakini tuliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu bila ya umeme, hatuweki kitu tunachokipenda frijini tu. Weka akiba kavu. Ikiwa imesimama, ipake nyembamba kwenye karatasi ya kuokea, nyembamba mpaka uone karatasi chini yake, uiweke kivulini penye upepo na kitambaa chepesi juu. Juani ni moto mno, na masika usijaribu, kwani hewa ina unyevu itaota kuvu kabla ya kukauka. Siku ya pili inabanduka kama magamba. Yavunje, uyafunge kwenye chupa kavu, yatakaa miezi.

Hivyo ndivyo ya dada yangu mie ilivyosafiri, gramu 10 za magamba kwenye bahasha ndani ya mkoba wa boti. Aliyaloweka kwenye gramu 30 za maji mpaka yakalainika, akatia gramu 30 za unga, kisha akalisha kila siku. Siku ya tatu ikapanda.

Jina hakulichukua. Alisema kwake yeye hakuna mgeni, huyu kafika kwao. Anaitwa Mwenyeji, na kila usiku baada ya Isha simu yangu inalia mara moja: "Mwenyeji kesha kula. Huyo wako?"