Hela ya TRA ikiingia benki, usiiandike kuwa mapato

Nimeshika vitabu vya viwanda vidogo kwa muda mrefu, na kosa ninalolikuta mara nyingi kuhusu marejesho ya VAT halimo kwenye maombi yenyewe. Maombi watu wanayajua. Kosa linatokea siku hela inapoingia, maana hapo karani wa hesabu anaiona benki, hajui iende wapi, anaitupa kwenye "mapato mengine". Mwenye kiwanda naye anafurahi: "Mwaka huu tumepata faida!" Faida gani, mzee? Hiyo ni hela yako mwenyewe uliyowalipa wauzaji wako, inarudi.

Nichukue kiwanda cha kamba za katani Tanga, cha mfano tu, lakini tarakimu zinafanana na ninazozishughulikia. Kamba nyingi zinauzwa nje ya nchi, na mauzo ya nje yanatozwa VAT ya asilimia sifuri. Mwezi wa tatu kiwanda kimeuza nje kamba za shilingi 180,000,000, na za shilingi 20,000,000 hapa nchini. Ya nje haina kodi ya kukusanya. Ya ndani, kwa asilimia 18, ina VAT ya shilingi 3,600,000. Upande wa manunuzi, umeme, vifungashio, vipuri na huduma za kutoa mzigo vimefika shilingi 90,000,000 kabla ya kodi, na VAT yake ni 16,200,000. (Dizeli ya jenereta haimo humo, mafuta ya petroli na dizeli yamesamehewa VAT, kwa hiyo hakuna cha kudai.) Ukitoa 3,600,000 kwenye 16,200,000, kiwanda kinaidai TRA shilingi 12,600,000.

Kwa kuwa zaidi ya nusu ya mauzo yake yana kiwango cha sifuri, kiwanda hiki kinaweza kuomba marejesho mwezi kwa mwezi. Biashara ya kawaida ambayo imetokea tu kununua zaidi kuliko kuuza inatakiwa kuibeba ziada hiyo mbele kwenye ritani zake kwa miezi sita kwanza. Tofauti hii ina maana kwenye vitabu pia. Ziada unayoibeba mbele inaendelea kukaa kwenye akaunti ya VAT ya kila siku, ile inayopokea VAT ya mauzo na ya manunuzi, kwa sababu itakatwa kwenye kodi ya mwezi ujao. Ukishaiomba irejeshwe, haikatwi tena popote. Imekuwa deni ambalo TRA wanadaiwa, na inastahili akaunti yake.

Kwa hiyo siku maombi yanapowasilishwa, ninaandika hivi:

Debiti: Madai ya marejesho ya VAT, TRA (Machi) 12,600,000
Krediti: Akaunti ya VAT 12,600,000

Neno "Machi" hapo si pambo. Kila ombi nalipatia mstari wake ndani ya leja, na namba ya ombi naiweka kwenye maelezo. Ombi la Machi linaweza kulipwa baada ya la Aprili, na mkivichanganya vyote kwenye salio moja hamtajua kilicholipwa ni kipi. Pia hakikisha kiasi ulichokiomba hakionekani tena kwenye ritani ya mwezi unaofuata kama ziada iliyobebwa. Ukikibeba na ukakiomba, umekidai mara mbili, na mkaguzi wa TRA ataliona hilo kabla hajafungua risiti hata moja.

Madai haya nayaweka kwenye mizania chini ya madai mengine, mbali na wateja. Mteja anadaiwa kwa mkataba, TRA wanadaiwa kwa sheria, na zile asilimia za kutenga fedha kwa wateja wasiolipa hazihusiki hapa. Hatari ya madai ya VAT ni sehemu yake kukataliwa, na hiyo unaipima kwa kuangalia risiti zako. Jambo jingine dogo kwa wauza nje: ankara zenu ziko kwa dola, lakini dai hili ni la shilingi. Kama programu yenu ya hesabu inathamini upya madeni yote kwa bei ya dola ya mwisho wa mwaka, itoeni akaunti hii humo.

Sasa tuje kwenye malipo. Sheria inampa Kamishna siku 90 za kuamua ombi. Kabla ya hapo wakaguzi watataka ankara, risiti za EFD, hati za forodha na bili ya shehena kuthibitisha kwamba kamba kweli zilitoka nchini. Tuseme uamuzi umekuja na benki imeingia shilingi 9,600,000. Karani anatazama 12,600,000 na 9,600,000, anachanganyikiwa. Ndiyo maana nawaambia: dai linafutwa kwa barua ya uamuzi, si kwa taarifa ya benki. Benki inakuonyesha kilichofika, barua inakueleza kisichofika kimekwenda wapi.

Barua inasema mambo mawili. Kwanza, shilingi 900,000 zimekataliwa: 540,000 ni VAT ya hafla ya kuwakaribisha wateja ya shilingi 3,000,000, na gharama za burudani hazirejeshewi VAT; nyingine 360,000 ni ya vipuri vya shilingi 2,000,000 ambavyo risiti yake ilitolewa kwa jina la meneja badala ya TIN na VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, ya kampuni. Pili, kiwanda kilikuwa na PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi, ya shilingi 2,100,000 haijalipwa, TRA wakaikata humo humo. Basi:

Debiti: Benki 9,600,000
Debiti: PAYE inayodaiwa 2,100,000
Debiti: Gharama, VAT isiyorejeshwa 900,000
Krediti: Madai ya marejesho ya VAT, TRA (Machi) 12,600,000

Mstari wa Machi unabaki sifuri. Deni la PAYE nalo limefutika. Usipoliandika, mwezi ujao mtu atalilipa tena kwa hundi. Zile 900,000 nazipeleka kwenye gharama kama naona TRA wana haki. Kwa hafla, wana haki. Kwa risiti ya vipuri, ukiamini una hoja, una siku 30 za kuweka pingamizi, na hapo 360,000 unaweza kuiacha kwenye madai mpaka uamuzi utoke, mradi una ushahidi mkononi. Mimi kwa risiti yenye jina la mtu huwa sipigani. Nampigia muuzaji simu mapema, ndani ya mwezi huo huo, aisahihishe kabla ombi halijaenda.

Na yule aliyeitupa 9,600,000 kwenye mapato mengine? Faida yake imevimba kwa kiasi hicho, na kwa kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30 atalipa shilingi 2,880,000 juu ya hela iliyokuwa yake. Wakati huo huo mizania yake inaonyesha TRA bado wanadaiwa 12,600,000 ambazo hazipo.

Namna ya kuligundua kosa hili kwenye vitabu ulivyorithi ni rahisi. Andika orodha ya maombi yote ambayo hayajapata uamuzi, jumlisha, kisha linganisha na salio la akaunti ya madai kwenye urari. Salio likizidi orodha, kuna malipo yaliyopotelea kwenye mapato au kwenye akaunti ya VAT. Pitia taarifa za benki ukitafuta fedha zilizotoka serikalini. Salio likiwa upande wa krediti, kuna ombi lililolipwa ambalo halikuwahi kuhamishiwa kwenye madai tangu mwanzo, na ziada yake bado inaning'inia kwenye akaunti ya VAT, labda hata imeshakatwa kwenye ritani. Hiyo ya mwisho ishughulikie haraka kabla TRA hawajaiona, maana ritani itabidi irekebishwe na riba ipo.