EF 58% na vali inayovuja "severe": zisome pamoja

"Wakuu, mama (miaka 46) kapimwa eko jana. Ripoti imeandika EF 58%, severe MR, mild TR. Nasikia EF ikivuka 50 moyo uko salama. Sasa hiyo severe inatoka wapi? Kliniki ni baada ya wiki tatu."

Pole na mama, ndugu. Mdogo wangu wa kike alikuwa na ripoti inayofanana sana na hiyo. Tulipoteza miezi kumi kwa sababu aliyetusomea mara ya kwanza aliishia kwenye EF, akasema moyo unasukuma vizuri.

EF ni asilimia ya damu inayotoka kwenye chemba ya chini kushoto kila moyo unapopiga. Chemba haimalizi damu yote hata kwa mtu mzima wa afya, ndiyo maana kuanzia 50 na kitu hadi 70 na kitu huhesabiwa ya kawaida. Ila namba hiyo inahesabu damu iliyotoka tu, haisemi imeelekea wapi. MR maana yake vali ya mitrali, mlango kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kushoto, haifungi sawasawa. Moyo ukijibana, sehemu ya damu inakwenda mwilini na sehemu inarudi juu, kuelekea kwenye mapafu.

Daktari wa pili alituchorea kwa namba za mdogo wangu. Chemba ikijaa ilikuwa na mililita 200, ikijibana zinabaki 84. Zimetoka 116, na 116 ukigawanya kwa 200 unapata 58%, kama ya mama. Lakini katika hizo 116, mililita 62 zilikuwa zinarudi nyuma. Mwili ulipata 54 tu. Zaidi ya nusu ya kazi ya moyo ilikuwa inapotea, na EF haikuonyesha chochote.

Tena kusukuma damu kurudi juu ni rahisi, kwa sababu huko presha ni ndogo kuliko kwenye mshipa mkuu. Kwa hiyo misuli inaweza kuwa imeanza kuchoka huku EF bado inapendeza. Ndiyo sababu kwa mtu mwenye MR kali inayotokana na vali yenyewe kuharibika, madaktari hawasubiri EF ifike 50. Ikishuka hadi 60 au chini yake, wanaanza kuzungumzia upasuaji, hata kama mgonjwa hana dalili. Mdogo wangu aliporekebishiwa vali, EF ilishuka hadi 48, kwa sababu sasa damu yote ilibidi isukumwe kwenye presha kubwa. Iliniuma, maana miezi ile kumi ilikuwa na mchango wake.

Kuhusu maneno yenyewe: kwenye vali, "mild", "moderate" na "severe" hupima wingi wa damu inayorudi. Kwa mitrali, chini ya mililita 30 kwa pigo ni "mild", kuanzia 60 ni "severe", katikati ni "moderate". Neno hilo halipimi jinsi mgonjwa anavyojisikia. Mdogo wangu alikuwa "severe" na bado anafua ndoo tatu za nguo, alichoanza kushindwa ni ngazi tu. "Mild TR" ya mama ni vali ya upande wa kulia, na kuvuja kidogo hapo huonekana hata kwa watu wazima wasio na ugonjwa. Mimi ningeuliza tu presha ya mapafu imeandikwa ngapi, kwa sababu MR kali huipandisha.

Sasa tafuta kwenye ripoti mstari wa LVIDs au LVESD. Huo ni upana wa chemba ikiwa imejibana. Milimita 40, yaani sentimita 4.0, na kuendelea ni ishara kwamba misuli inalemewa. Mdogo wangu alikuwa na 42, imeandikwa wazi, hakuna aliyetuonyesha. Angalia pia wameandika nini kuhusu chanzo. Wakitaja "rheumatic", ulizia sindano za penisilini za kila wiki tatu au nne.

Kama kuna eko ya zamani, ibebe. Tofauti ya EF ya pointi tatu nne inaweza kuwa ya mpimaji tu, lakini LVIDs ikitoka 36 hadi 41 ni habari nyingine.

Wiki tatu zinaweza kusubirika ikiwa mama analala chali bila shida. Akianza kuhitaji mito miwili mitatu, akiamka usiku akitafuta hewa au akikohoa povu lenye rangi ya damu, mpeleke hospitali usiku huohuo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Ukipata hiyo LVIDs iweke hapa, pamoja na umri wa eko ya zamani kama ipo.